Namba Mbili za Goti la Fundi

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 26, fundi sanifu wa maabara katika hospitali ya wilaya kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Sitautaja mji wala hospitali, kwa kuwa kosa nitakalolisimulia lilikuwa letu sote na baadhi ya wenzangu hawapo tena kujieleza. Goti ninalolizungumzia lilikuwa la fundi wa majahazi, mtu wa miaka 52, aliyeishi kwa kuchuchumaa chini ya matumbo ya vyombo akikalafati, pamba mkono mmoja na nyundo mkono wa pili.

Aliletwa Jumatatu asubuhi juu ya mkokoteni, na mwanawe akisukuma. Goti la kulia lilikuwa limevimba tangu Ijumaa usiku, ngozi inang'aa, na kila gurudumu lilipogonga jiwe alifumba macho. Nilimsalimu, akaitikia vizuri, akanyoosha mkono nimtoe damu. Daktari kijana aliyekuwa zamu aliandika vipimo viwili kwenye karatasi: kushuka kwa damu, na asidi ya yuriki.

Kipimo cha kwanza tulikuwa tukikifanya kwa mrija wa Westergren. Ni mrija mwembamba wa kioo wenye alama kutoka 0 hadi 200. Unachanganya sehemu nne za damu na sehemu moja ya sitrati ili isigande, unaivuta hadi alama ya 0, unausimamisha mrija kwenye kishikio chake wima kabisa, kisha unatazama saa. Baada ya saa moja unasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi na kuacha maji ya manjano juu. Mwilini kukiwa na uvimbe wa moto, ini humimina kwenye damu protini zinazozifanya chembe nyekundu zipangane kama sarafu zilizobebana, na fungu la sarafu huzama upesi kuliko sarafu moja moja. Kwa mwanamume wa umri wake, kanuni ya haraka tuliyoitumia ilikuwa kugawa miaka kwa mbili: hadi 26 hakuna neno. Mrija wa fundi ulisoma 104. Nakumbuka nikiinama mpaka jicho langu likawa sawa na mstari, nikidhani nimekosea.

Cha pili kilikuwa cha rangi. Unaondoa kwanza protini kwenye maji ya damu, unatia dawa, na asidi ya yuriki inageuza mchanganyiko kuwa wa buluu. Kadiri buluu inavyokolea ndivyo asidi ilivyo nyingi. Ya fundi ilikolea kama wino wa shule. Niliipitisha kwenye kipimarangi mara mbili: miligramu 9.8 kwa desilita, wakati mwanamume kwa kawaida hatakiwi kuvuka 7.

Nilipeleka majibu mwenyewe. Daktari kijana akasoma namba mbili zile, akaniangalia, nami nikasema kabla hajafungua mdomo: "Jongo hilo." Akatikisa kichwa kukubali. Aliandika jongo, akampa vidonge vya indomethasini, akamlaza wodini apumzishe mguu.

Ukiwa na namba hizo mbili peke yake, ungeandika hivyohivyo. Goti linalovimba kwa siku tatu lina orodha ya visababishi, na kila jibu la maabara huisukuma orodha hiyo upande mmoja. Mrija ukisoma chini, tuseme 12, unazipunguzia nguvu sababu za moto na kuzipandisha zile za kuchakaa: gegedu lililolika, kano iliyochanika, jeraha la zamani. Mrija ukisoma 104, sababu za kuchakaa zinashuka, na juu wanabaki ndugu watatu: fuwele, yaani jongo na wenzake, vimelea, yaani usaha ndani ya kiungo, na yale magonjwa ambamo mwili unajishambulia wenyewe, ambayo mara nyingi hushika viungo vingi na kwa muda mrefu. Kisha inakuja asidi ya yuriki, 9.8, na jongo linaruka mbele ya wenzake. Hesabu hiyo ni sahihi, ila ina sharti moja. Namba lazima ziwe zimepandishwa na goti, na sisi hatukuuliza nani amezipandisha.

Jumanne asubuhi fundi alisema maumivu yamepungua. Homa iliyokuwa 37.9 ilishuka, na sote tulifurahi. Leo najua furaha ile ilikuwa na madhara yake, maana indomethasini hutuliza maumivu na kushusha homa ya kila kitu, kiwe jongo au usaha. Inanyamazisha mlio na kuacha moto ukiendelea. Jumatano goti lilikuwa kubwa kuliko siku aliyoletwa. Alhamisi hakuweza kulikunja hata kidogo, na muuguzi aliandika kwenye chati kwamba mgonjwa ametetemeka usiku mpaka kitanda kikalia.

Asubuhi hiyohiyo daktari msaidizi wetu mkuu alirudi kutoka likizo. Alikuwa mtu mzima, aliyeanza kazi kabla ya Uhuru kama mfunga vidonda akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Alisimama miguuni pa kitanda na hakuligusa goti kwanza. Alimwuliza fundi: "Ndugu yangu, unameza dawa gani nyumbani?"

Fundi akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kadi ya kliniki ya kifua kikuu.

Alikuwa katika wiki ya sita ya matibabu. Wakati huo mpango wa taifa wa kifua kikuu, ulioanza mwaka 1977 chini ya ushauri wa Daktari Karel Styblo, ulikuwa umeleta matibabu ya muda mfupi: kwa miezi miwili ya mwanzo mgonjwa alipata dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na sindano ya streptomaisini kila siku. Sisi maabara tulimjua fundi kwa makohozi yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapaka kwenye kioo. Lakini Jumatatu hakuna aliyeunganisha kohozi na goti, kwa kuwa karatasi ya maabara ilikuwa na nafasi ya jina, umri, wodi na kipimo, basi.

Daktari msaidizi alinyanyua kadi akaniita. "Mwanangu, soma hapa." Pembeni kulikuwa na vipimo vya siku ya kwanza ya matibabu. Kushuka kwa damu: 96.

"Sasa niambie," akasema, "hiyo 104 yako ni ya goti au ya kifua?"

Sikuwa na jibu. Mrija hauonyeshi moto uko wapi, unaonyesha tu kwamba upo. Tena unapoa polepole, wiki nyingi baada ya ugonjwa wenyewe kuanza kupona. Mtu aliyekuwa na 96 wiki sita zilizopita kwa sababu ya mapafu anaweza kuwa na 104 leo bila goti kuongeza chochote. Wala jibu hilo halikumaanisha goti ni salama. Lilimaanisha tu kwamba mrija hausemi lolote jipya kuhusu goti, na kwamba tuliutegemea katika jambo usilolijua.

"Na hiyo asidi?" akaendelea. "Pirazinamidi hufanya nini kwenye figo?"

Nilikuwa nimesoma hilo chuoni na kulisahau. Pirazinamidi huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, na kwa wagonjwa wengi wanaoimeza asidi hiyo hupanda ndani ya damu bila kuwaletea neno. Wengi wa wagonjwa wetu wa kifua kikuu katika miezi miwili ya mwanzo wangesoma juu ya 7 tungewapima. Zile miligramu 9.8 zilikuwa za kidonge. Kwa hiyo namba zote mbili tulizozitegemea zilikuwa na wenyewe wengine mwilini, na ukiziondoa, orodha ya goti inarudi mwanzo: jongo na usaha vinakaa tena bega kwa bega. Usaha ndio usiosubiri, maana vimelea huanza kula gegedu ndani ya siku chache, na gegedu lililolika halioti tena.

Daktari kijana alikuwa na hoja moja ya kujitetea, na haikuwa ya kipuuzi. "Anameza dawa nne za kuua vimelea. Usaha utoke wapi?" Mzee alimgeuza fundi ubavu, akashusha kikoi. Kwenye tako la kushoto, mahali pa sindano za kila siku, palikuwa na jipu lililopasuka nusu, na fundi hakulitaja kwa haya. Vimelea vya majipu huizoea rifampisini upesi sana inapopigana navyo peke yake, na dawa nyingine tatu hazikuwa na msaada wa maana dhidi yao.

Palepale akaomba sindano nene. Alisafisha goti kwa ayodini, akaingia ubavuni mwa kifuniko cha goti, akavuta. Nilishika chupa mbili. Maji ya goti zima ni machache, yana rangi ya manjano hafifu, na unaweza kusoma maandishi kupitia chupa. Yaliyotoka yalikuwa mililita arobaini hivi, manjano mazito, na nilipoinua chupa mbele ya dirisha sikuona kidole changu upande wa pili.

Nilikimbia nayo. Mikono ilitetemeka, na karibu nifanye kosa la pili. Ili kuhesabu chembe nyeupe za damu tulikuwa tukiichanganya na maji yenye siki ya maabara, asidi asetiki, ili chembe nyekundu zipasuke. Ukiitia hiyo kwenye ute wa kiungo, ute hugandamana kama yai lililochemshwa, na chembe zote hunasa humo. Nilikuwa nimeshachukua chupa nilipokumbuka. Niliirudisha, nikatumia maji ya chumvi yenye tone la rangi ya buluu. Nilihesabu chembe nyeupe 86,000 katika milimita moja ya ujazo. Kiungo kizima hakifiki 200. Jongo kali linaweza kupanda hadi makumi ya maelfu, kwa hiyo hesabu peke yake haikumaliza shauri, lakini kuvuka 50,000 kunamlazimu daktari kuyachukulia maji hayo kuwa usaha mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kisha nikatia tone kwenye kioo safi, nikafunika, nikatafuta sindano. Fuwele za jongo ni kama sindano za kushonea zilizokatika, nyingine zimezamishwa ndani ya chembe nyeupe kama mwiba kwenye kidole. McCarty na Hollander walikuwa wamezionyesha mwaka 1961 kwa hadubini yenye mwanga wa pekee. Sisi hatukuwa nayo, lakini mtu mvumilivu huziona hata kwa hadubini ya kawaida akipunguza mwanga. Nilitazama kioo chote kwa nusu saa. Sikuona hata moja.

Kioo cha pili nilikipaka, nikakikausha, nikakitia rangi ya Gramu: zambarau, ayodini, spiriti, nyekundu. Chini ya lenzi ya mafuta, katikati ya chembe nyeupe zilizojaa uwanja mzima, kulikuwa na vidoa vya mviringo vya zambarau, vimekusanyika vishada vishada kama zabibu. Nilirudi wodini kwa miguu yangu miwili nikisema neno moja tu: stafilokokasi.

Fundi alianza sindano za kloksasilini mchana huo, goti likawa linavutwa na kuoshwa kila siku. Homa iliondoka siku ya nne. Jipu lilipasuliwa. Kifua kikuu chake kilipona kabisa baada ya miezi minane, kama kadi ilivyoahidi. Goti halikupona. Kati ya Ijumaa ile na sindano ya kwanza zilikuwa zimepita siku sita, na tatu kati ya hizo alikuwa amelala ndani ya hospitali yetu, mita thelathini kutoka hadubini yangu.

Nimeulizwa na vijana kama kesi ile ilinifanya nizidharau namba. Hapana. Miaka kama saba baadaye alikuja mwalimu mmoja, kidole gumba cha mguu kimevimba usiku mmoja, hawezi hata kufunikwa shuka. Mrija ulisoma 58. Asidi ya yuriki: 5.9, katikati ya kawaida. Mganga wa zamu alitaka kulifuta jongo kwenye orodha. Nilimwomba asubiri, tukavuta tone moja tu la maji kutoka kwenye kidole. Tone hilo lilijaa sindano, nyingi zimechoma chembe nyeupe katikati. Hapakuwa na vimelea.

Wengi hushangaa kwamba jongo linaweza kuwaka huku damu ikisoma sawa, na si nadra. Damu huweza kuyeyusha asidi ya yuriki hadi karibu miligramu 6.8. Ikizidi hapo kwa miaka, asidi hujenga fuwele polepole kwenye viungo. Shambulio linapozuka, huwaka kwa fuwele zilizokwisha kujengwa zamani, na wakati huohuo moto wenyewe huzifanya figo zitoe asidi kwa wingi, kiasi cha damu kurudi kawaida kwa siku chache. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa wiki mbili au tatu baada ya maumivu kwisha. Mwalimu tulimpima baada ya wiki tatu: 8.6. Upande wa pili nao ni kweli: watu wengi wenye asidi ya juu hawaugui jongo maishani mwao. Namba ya juu hulisogeza jongo mbele kidogo, ya kawaida hulirudisha nyuma kidogo, na hakuna kati ya hizo inayofunga mlango.

Mrija pia unaweza kudanganya kwa kunyamaza. Niliwahi kumpima mtoto mwenye selimundu, paja limevimba na homa 39, mrija ukasoma 8. Chembe zenye umbo la mundu hazipangani kama sarafu, kwa hiyo hazizami, hata mfupa uwe unaoza. Mfupa wake ulikuwa na usaha. Tangu hapo, jina la ugonjwa huo likiwa kwenye karatasi, niliandika kando ya jibu: mrija hautegemewi.

Mwishoni mwa utumishi wangu kilikuja kipimo kipya, kile vijana hukiita si-aa-pi. Ni protini inayotengenezwa na ini, inapanda ndani ya saa chache tangu moto uanze, na moto ukizimika hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Ni bora sana kuliko mrija kwa kumfuatilia mgonjwa siku kwa siku. Kama tungekuwa nayo mwaka 1986, huenda kupanda kwake kutoka Jumatatu hadi Jumatano kungetushtua mapema. Lakini isingetuambia ni jongo au usaha, maana jongo kali nalo huweza kuipeleka juu ya miligramu 100 kwa lita. Na ikisoma chini siku ya kwanza kabisa ya usaha, isimfariji mtu, ipimwe tena kesho.

Wiki ileile ya goti la fundi, mwaka 1986, daktari msaidizi alikuja maabara na bunda la karatasi zetu za kuombea vipimo. Aliniambia nichukue rula na kalamu. Chini ya mstari wa umri tulichora mistari miwili kwa mkono kwenye kila karatasi, moja baada ya nyingine, mpaka bunda likaisha: "Dawa anazotumia" na "Majibu ya zamani". Karatasi ya asidi ya yuriki iliyokuja bila kujazwa mistari hiyo niliirudisha wodini. Baadhi ya madaktari walinuna, na nilizoea kununiwa. Orodha niliyokuwa nikiitafuta kwenye mstari wa kwanza ilikuwa fupi: pirazinamidi, ethambutoli, vidonge vya kukojoza maji wanavyopewa wenye presha, na aspirini ya dozi ndogo. Zote hupandisha asidi.

Fundi nilimwona mara nyingi ufukweni baadaye. Goti lilikuwa limeganda karibu kunyooka kabisa, na mtu hawezi kukalafati chini ya chombo bila kuchuchumaa. Alikuwa akikaa juu ya kigoda, mguu wa kulia umenyooshwa mbele, akifanya mbao za juu tu, na mwanawe ndiye aliyeingia chini ya tumbo la jahazi. Nilipompa shikamoo aliitikia "Marahaba, mwanangu" kama siku ile ya kwanza. Hakuwahi kuniuliza kilichotokea wodini. Mwaka 1999 nilikwenda mwenyewe nyumbani kwake nikamweleza yote, pamoja na lile neno nililolitamka mbele ya daktari. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama siku hizi tunavuta maji kwanza.

Nikamwambia tunavuta.

Wewe unayesoma haya ukiwa na goti, kifundo au nyonga iliyovimba ghafla, ya moto, usiyoweza kuikunja: nenda na vidonge vyako vyote mkononi, na usiondoke na jina la ugonjwa lililotoka kwenye damu peke yake kabla hujauliza kama maji ya kiungo hicho yatavutwa, leo.